Vipindi vya mfululizo YouTube: namna ya kuvipa majina ili kimoja kivute kingine

Shangazi yangu analima zabibu Mpunguzi, njia ya kutoka Dodoma mjini kwenda Iringa, na kwa muda sasa amekuwa akijirekodi shambani kwa simu na kupandisha video YouTube. Anafundisha vizuri sana. Lakini mtu akimaliza video yake moja, inayofuata kwenye mapendekezo ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, na kwenye maoni swali lilikuwa lilelile: "Mama, ya kwanza iko wapi?" Ya kwanza ilikuwepo. Kwa jinsi ilivyoandikwa, hakuna aliyeweza kuitambua.

Siku aliyoniita nimsaidie, chaneli yake ilikuwa na video tisa za mfululizo huo. Hivi ndivyo vichwa vyake vilivyosomeka, kwa mpangilio wa kupandishwa:

```
1  KILIMO CHA ZABIBU DODOMA PART 1
2  Zabibu part 2 kupanda
3  SEHEMU YA TATU zabibu shambani kwangu
4  Jinsi ya kupogoa zabibu!!! EP 4
5  Ubwiri unga kwenye zabibu
6  Kilimo cha zabibu Dodoma part 5
7  Zabibu sehemu ya 6 mavuno
8  KUPOGOA ZABIBU
9  Zabibu mwendelezo
```

Nitaeleza hatua kwa hatua tulivyozipanga upya, kwa sababu makosa yaliyomo humo ndiyo ninayoyaona kwenye chaneli nyingi za Kiswahili, ziwe za kilimo, mapishi, mawaidha au tamthilia.

Kwanza, jina linafanya kazi gani hasa

Watu wengi wanaamini kwamba vichwa vikifanana, YouTube itaziunganisha video yenyewe. Haiko hivyo. Mapendekezo yanategemea zaidi kile watazamaji wanachofanya: mtu huyu ameangalia nini huko nyuma, na wengine walioangalia video hii waliendelea na ipi. Kichwa kinaingia hapo kwa kupitia macho ya mtu. Akimaliza kipindi cha 3 akaona pembeni kitu kinachosomeka wazi kuwa ni cha 4 cha mambo yaleyale, atakibonyeza. Watu wakifanya hivyo mara kwa mara, mtambo unajifunza kwamba video hizo mbili huangaliwa pamoja, na unaanza kuipendekeza ya pili kwa wanaoangalia ya kwanza.

Kazi nyingine ya kichwa ni kwenye utafutaji, mtu anapoandika maneno. Na ipo sehemu moja tu ambapo wewe mwenyewe unaiambia YouTube waziwazi kwamba video hizi ni za mfululizo mmoja: plelisti, yaani orodha ya kucheza, ikiwa imewekewa alama maalumu nitakayoieleza huko mbele. Kwa hiyo jina ni la watu na plelisti ni ya mtambo. Ukifanya kimoja ukaacha kingine, umefanya nusu.

Hatua ya 1: Mfululizo uwe na jina lake

Angalia tena orodha ya shangazi. "Kilimo cha zabibu Dodoma" ni mada. Mtu yeyote anayelima zabibu kuanzia Makutupora hadi Hombolo anaweza kuandika hivyohivyo, na wapo walioandika. Mtazamaji akitafuta maneno hayo anapata mchanganyiko wa watu kumi, na "part 2" anayoiona inaweza kuwa ya chaneli nyingine.

Nilimwambia, "Shangazi, tunahitaji jina ambalo ni lako peke yako."

Akajibu, "Mwanangu, nikiondoa neno zabibu nani atanipata?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Jina zuri la mfululizo linabeba neno la mada na kuliongezea kitu cha kulitofautisha: mahali, namna, au mtu. Tukakubaliana "Zabibu za Mpunguzi". Kabla ya kulishika tuliliandika kwenye sehemu ya kutafuta ya YouTube kuona kama kuna chaneli nyingine yenye mfululizo wa jina hilo. Ukikuta lipo, badilisha sasa hivi, maana baada ya vipindi ishirini utakuwa umechelewa.

Likishachaguliwa, tahajia yake haibadiliki tena. Usiandike leo "Zabibu za Mpunguzi", kesho "Zabibu Mpunguzi", keshokutwa "Mpunguzi Zabibu". Kwa mwenye chaneli ni kitu kimoja, ila kwa mgeni anayepitisha macho haraka hizo ni tatu.

Hatua ya 2: Chagua namna moja ya kuhesabu

Hapa Kiswahili chetu kinatuponza kidogo, maana tuna maneno mengi kwa jambo moja: sehemu, kipindi, episodi, mwendelezo, pamoja na "part" na "EP" tulizozoea kwenye filamu. Shangazi alitumia manne kati ya hayo katika video tisa. Ubaya hauishii kwenye mwonekano. "Sehemu ya 2" ina maana mbili: kwa mwingine ni kipindi cha pili, kwa mwingine ni nusu ya pili ya kipindi kilekile kilichokatwa kwa sababu kilikuwa kirefu. Ukiwa na "Kipindi cha 4 sehemu ya 2" na pia "Sehemu ya 4", mtu ameshapotea.

Neno "msimu" lina hatari yake, hasa kwetu Dodoma. Zabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Ukiandika "Msimu wa 2", mkulima anaelewa mavuno ya pili na mpenzi wa tamthilia anaelewa duru ya pili ya vipindi. Shangazi alitaka kulitumia na nikamwomba aliache. Kama mfululizo wako unahusu kilimo, tumia neno msimu kwa shamba tu.

Uamuzi wetu ulikuwa kuacha maneno yote hayo na kubaki na namba tupu baada ya jina la mfululizo: `Zabibu za Mpunguzi 01`. Fupi, na hakuna wa kujiuliza kama ni "ya tatu" au "cha tatu".

Kwa nini 01 na si 1? Kwenye YouTube kwenyewe haijalishi sana, kwa sababu plelisti haipangwi kwa alfabeti. Lakini shangazi huwapa wenzake wa kikundi video hizo kwenye flashi, wakaziangalie bila bando. Redio na programu nyingi za simu hupanga mafaili kwa herufi, na kwa mpangilio huo 10 inakuja kabla ya 2: zitacheza 1, 10, 11, kisha 2. Ukianza na sifuri, 02 inakaa mbele ya 10 kama inavyotakiwa. Tarakimu mbili zinatosha mpaka kipindi cha 99. Mafaili yenyewe tukayapa majina ya mtindo huo huo:

```
zabibu-01-kuchagua-shamba.mp4
zabibu-02-kupanda.mp4
```

Jina la faili halikusaidii kupendekezwa. Linakusaidia usipandishe video isiyo yenyewe, na linawasaidia wenye flashi.

Hatua ya 3: Pangilia kichwa, mada ikitangulia

YouTube inaruhusu kichwa cha hadi herufi 100, nafasi zikihesabiwa. Kwenye simu, hasa kwenye orodha ya mapendekezo, kichwa kirefu kinakatwa na mwisho wake hauonekani. Kwa hiyo ukiandika maelezo marefu halafu "sehemu ya 7" mwishoni, namba ndiyo inayomezwa. Mimi hujitahidi kichwa chote kisizidi herufi 60.

Kuna wanaoweka jina la mfululizo mwanzoni. Sikubaliani nao, isipokuwa kwa tamthilia ambapo jina la mfululizo ndilo mtu analolitafuta. Kwenye mafunzo mtu anatafuta jibu la swali lake: namna ya kupogoa, namna ya kupanda. Vichwa vyote vikianza na maneno yaleyale matatu, kwenye orodha vinaonekana kama ukuta mmoja na jicho halishiki chochote. Kwa hiyo mada inatangulia, kisha alama ya kutenganisha, kisha jina na namba:

```
Mada kwa maneno machache | Zabibu za Mpunguzi 00
```

Alama ya `|` kwenye simu nyingi imejificha kwenye ukurasa wa pili wa alama. Ukiona inakusumbua, tumia kistari, ila utumie hicho hicho siku zote. Kwenye simu ya shangazi tuliweka njia ya mkato: ndani ya Gboard, kwenye "Personal dictionary", tuliandika maneno `| Zabibu za Mpunguzi` na kuyapa mkato `zm`. Sasa akiandika herufi hizo mbili, maneno kamili yanatokea juu ya kibodi na hawezi kukosea tahajia. Anayepandisha kwa kompyuta anaweza kuweka kichwa cha kuanzia kwenye YouTube Studio, "Settings" kisha "Upload defaults", lakini mpangilio huo hauhusu video zinazopandishwa kwa simu.

Namba iwe pia kwenye picha ya jalada, kubwa, kona ileile kila mara. Usiiweke kona ya chini kulia, kwa sababu YouTube hubandika hapo urefu wa video na namba yako itafunikwa. Yetu iko juu kushoto.

Hatua ya 4: Rekebisha vya zamani bila kuvuruga

Kubadilisha kichwa hakubadilishi kiungo cha video, na maoni na idadi ya waliotazama vinabaki. Kwa hiyo usifute video ili uipandishe upya kwa jina zuri. Ingia YouTube Studio, bonyeza alama ya kalamu, badilisha kichwa, hifadhi.

Kabla ya kugusa chochote, angalia kila video mwanzo hadi mwisho na uandike namba unayoisikia ikitamkwa. Hapa ndipo penye kazi. Kwenye video ya sita shangazi anasalimia "Mbukwenyi", halafu anasema wazi "karibuni part five". Ya saba anasema ni ya sita. Sababu ni kwamba ile ya ubwiri unga aliirekodi kwa haraka baada ya kuona unga mweupe kwenye majani, na hakuihesabu.

Njia mbili zilikuwepo. Kuipa ile ya ubwiri unga namba 05 na kusogeza nyingine zote mbele, au kuifuata sauti. Tulifuata sauti. Kichwa unaweza kukibadilisha ukiwa umekaa kwenye kigoda, lakini maneno yaliyokwisha kutamkwa huyabadilishi, na mtazamaji anayesoma 06 huku akisikia "part five" ataanza kutafuta kipindi kisichokuwepo. Tena watu wa kikundi walikuwa wameshazoea kuambiana "kaangalie ya sita". Ukisogeza namba, maelekezo yao yote yanageuka kuwa ya uongo.

Video ya ubwiri unga ikabaki na jina la mfululizo bila namba. Inamfaa, kwa sababu mkulima mwenye ugonjwa shambani anaitafuta peke yake bila kujali alipofika kwenye mafunzo. Orodha mpya ikawa hivi:

```
Kuchagua shamba la zabibu | Zabibu za Mpunguzi 01
Kupanda vipando vya mizabibu | Zabibu za Mpunguzi 02
Kuweka nguzo na waya | Zabibu za Mpunguzi 03
Kupogoa mzabibu mara ya kwanza | Zabibu za Mpunguzi 04
Ubwiri unga kwenye zabibu | Zabibu za Mpunguzi
Kumwagilia mizabibu kiangazi | Zabibu za Mpunguzi 05
Kuvuna zabibu za Februari | Zabibu za Mpunguzi 06
Kupogoa baada ya mavuno | Zabibu za Mpunguzi 07
Kuvuna zabibu za Agosti | Zabibu za Mpunguzi 08
```

Kirefu kuliko vyote kina herufi 54. Angalia pia vile viwili vya kupogoa. Awali kimoja kiliitwa "Jinsi ya kupogoa zabibu" na kingine "KUPOGOA ZABIBU", na mtu aliyeangalia kimoja alidhani kingine ni kilekile kimerudiwa, akapita. Kazi inayojirudia shambani lazima kichwa kiseme ni ya wakati gani.

Tangu siku hiyo shangazi hatamki namba tena kwenye video. Anasema "kwenye kipindi cha kupogoa tuliona…", basi. Namba inakaa mahali inapoweza kurekebishwa.

Aliniuliza pia kama mwaka ujao aanze upya na 01. Jibu langu: anza upya pale tu mgeni anapoweza kuanzia hapo bila kuangalia vya nyuma. Shamba lake ni lilelile na mizabibu ni ileile, kwa hiyo tunaendelea na 09. Akianza zao jingine, hapo ni jina jipya na 01 mpya.

Hatua ya 5: Plelisti yenye alama ya mfululizo

Tengeneza plelisti moja kwa ajili ya mfululizo na uipe jina lilelile, `Zabibu za Mpunguzi`, pengine na maneno machache ya mada baada yake. Fungua ukurasa wa plelisti hiyo kwa kompyuta, bonyeza nukta tatu, ingia "Playlist settings", na uwashe "Set as official series for this playlist". Kama huruhusiwi kuiwasha, thibitisha kwanza akaunti yako kwa namba ya simu. Chaguo hilo ndilo linaloiambia YouTube kwamba video hizi zimekusudiwa kuangaliwa pamoja, na inaweza kulitumia kumpendekezea mtazamaji vipindi vingine vya humo humo.

Masharti ni mawili. Video ziwe zako mwenyewe, na video moja haiwezi kuwa kwenye mifululizo rasmi miwili. Lakini inaweza kuwa pia kwenye plelisti za kawaida: ile ya ubwiri unga tuliiweka kwenye mfululizo, kati ya 04 na 05, na pia kwenye plelisti ya kawaida ya magonjwa.

Kwenye mipangilio hiyo hiyo kuna "Add new videos to top of playlist". Iwe imezimwa. Kwa shangazi ilikuwa imewashwa, ndiyo maana aliyebonyeza plelisti yake ya zamani alianza na mavuno na kumalizia na kuchagua shamba. Mpangilio uwe "Manual", na uvute video kwa mkono mpaka zikae unavyotaka ziangaliwe.

Hatua ya 6: Kiungo unachokituma

Watazamaji wa kwanza wa shangazi wanatoka kwenye makundi ya WhatsApp, na hapo uzi mwingi hukatika. Ukinakili kiungo cha video peke yake, anayekibonyeza anaangalia nje ya plelisti, na kinachofuata kinachaguliwa na mtambo. Fungua video ukiwa ndani ya plelisti, kisha angalia kiungo kama kina `list=`:

```
https://www.youtube.com/watch?v=VIDEO&list=PL...
```

Kiungo cha namna hii kinafungua kipindi hicho na kuendelea na kinachofuata kwa mpangilio wako. Mstari wa kwanza wa maelezo ya kila video nao uwe na kiungo cha plelisti nzima.

Kwenye skrini ya mwisho, ile inayokaa sekunde 5 hadi 20 za mwisho, usichague "Most recent upload" kwa vipindi vya mfululizo. Itamtoa mtu kwenye 02 na kumrusha kwenye 08. Chagua video maalumu, yaani kipindi kinachofuata, au plelisti yenyewe. Ukichagua video maalumu, kumbuka kila unapopandisha kipindi kipya urudi kwenye kilichotangulia ukakiunganishe, kwa sababu siku ulipokipandisha kile, hiki kipya hakikuwepo.

Vipande vifupi vya Shorts visipewe namba kabisa, la sivyo vitachanganywa na vipindi. Kwenye Studio kuna "Related video": iweke kila kipande kifupi kielekeze kwenye kipindi kilikokatwa.

Namna ya kujua kama vimeshikana

Subiri wiki chache, kisha fungua video moja ya katikati, mfano 04, kwenye YouTube Studio. Ingia "Analytics", kichupo cha "Reach", tafuta chanzo kinachoitwa "Suggested videos" na ukifungue. Hapo inaonyeshwa ni video zipi zilizowaleta watu. Ukiona 03 na 02 zako ziko juu, uzi umeshika. Ukiona video za wengine tu, rudi ukague picha za jalada na skrini za mwisho kabla hujagusa vichwa tena. Chanzo cha "Playlists" nacho kikiwa tupu, maana yake viungo unavyotuma havina `list=`.

Kisha fungua "YouTube search" usome maneno ambayo watu waliyaandika. Siku jina la mfululizo litakapotokea kwenye orodha hiyo, watu wanakutafuta wewe. Kwa shangazi lilitokea likiwa limeandikwa "zabibu za mpungusi". Kichwa hatukukigusa. Tahajia hiyo tuliiongeza kwenye tagi, mahali ambapo YouTube yenyewe inasema panasaidia hasa maneno ambayo watu hukosea kuyaandika.